Nimeenguliwa zabuni ya barabara kwa kigezo ambacho hakimo kwenye kabrasha, naomba ushauri

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mkandarasi daraja la saba, niko Kasulu, Kigoma. Niliomba kupitia NeST zabuni ya kuchonga barabara na kujenga makalavati. Alhamisi nimepokea taarifa ya kusudio la kutoa zabuni: amepewa mwingine, na mimi nimeenguliwa kwa kuwa “hakuonesha umiliki wa greda”.

Nimerudi kwenye kabrasha la zabuni nikalisoma neno kwa neno. Kipengele cha mitambo kinasema mzabuni awe na greda, ya kwake au ya kukodi. Mimi nilipakia mkataba wa kukodi uliosainiwa, pamoja na kadi ya greda yenyewe. Ninavyoelewa, tathmini inafanywa kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye kabrasha tu. Bei yangu ilikuwa chini, lakini hiyo siitegemei. Bei ndogo peke yake haikupi kazi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inanipa siku tano za kazi kulalamika kwa afisa masuuli. Nikianza kuhesabu Ijumaa, wikiendi nikiiruka, mwisho ni Alhamisi ijayo. Fundi mwenzangu ananiambia niache, nitachukiwa. Mie nimeshachoka kunyamaza.

Aliyewahi kufika Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma: kwenye lalamiko nikomee hoja hii ya greda tu, au nihoji na sifa za mshindi? Na wakisaini mkataba kabla sijajibiwa, nafanyaje?