Naomba ushauri: maneno ya kuandika kwenye lebo ya maji ya chupa (Makambako)

Kisima_Mkb:
Habari wakuu. Tunajaza maji ya nusu lita na lita moja na nusu hapa Makambako. Chanzo ni kisima kirefu, maji yanapita kwenye mchanga, kaboni na membreni ya RO, halafu taa ya UV, na ozoni kidogo kabla ya kujaza. Mchapishaji anasubiri maneno ya lebo. Rasimu yangu ni hii:

"Maji safi asilimia 100 kutoka vilele vya Kipengere. Hayana bakteria wala kemikali. TDS 0. pH 7.2. Maji asilia ya madini."

Ripoti ya maabara ninayo: E. coli chini ya 1 kwa ml 100, TDS, yaani chumvi na madini yaliyoyeyuka, 12 mg/L, pH 7.2. Nataka kila neno mtu aweze kulihakiki. Nirekebishe nini?

Ngosha_Mafinga:
Mkuu, hapo kwenye bakteria uko sawa kabisa, UV inaua wote. Andika "bakteria 0", ndiyo inayouza. TDS ndiyo uitoe, maana 12 siyo 0.

Bi_Maabara:
Ngosha, kwenye TDS umesema kweli, kwenye bakteria hapana.

Kisima, anza na maneno ya ripoti yako. "Chini ya 1 kwa ml 100" maana yake walichuja ml 100, wakaotesha, na hakikuota kitu. Haisemi lolote kuhusu ml 400 nyingine zilizobaki kwenye chupa ya nusu lita, sembuse chupa nyingine za siku hiyo. Kwa maji ya chupa omba kipimo cha ml 250, kisha andika hivyo hivyo: "E. coli haikuonekana katika ml 250." Mtu akichukua chupa yako dukani akaipeleka maabara yoyote, anapima kitu kile kile ulichoandika.

"Hayana bakteria" ni jambo jingine kabisa. UV inapiga maji yanapopita kwenye taa tu, haiachi ulinzi ndani ya chupa. Ozoni nayo inajivunja yenyewe, katika maji ya kawaida nusu yake inaondoka ndani ya dakika chache. Ukishafunga kifuniko, vijidudu vichache visivyo na madhara vilivyotoka kwenye bomba, kwenye chupa au kwenye hewa ya chumba cha kujazia vinaanza kuzaana. Baada ya wiki moja au mbili rafuni, hesabu ya jumla ya vijidudu inaweza kufika maelfu kwa mililita moja. Mnywaji haumwi kwa hilo, na E. coli bado haipo. Lakini lebo iliyosema "hayana bakteria" imeshakuwa ya uongo, na ilikuwa kweli siku ya kujaza tu.

Kisima_Mkb:
Nimekuelewa dada. Na pH? Hiyo imo kwenye ripoti.

Fundi_Membreni:
Mkuu, sampuli hiyo ilichotwa wapi? Maji yanayotoka kwenye RO ni nadra kusoma 7.2 bila kurekebishwa. Membreni inazuia bikaboneti lakini hewa ukaa inapita, kwa hiyo pH inashuka, mara nyingi inakuwa kati ya 5 na 6.5. Naona ulipima maji ya kisimani kabla ya RO.

Fanya hivi: fungua chupa iliyojazwa jana, weka mita iliyosawazishwa, isubiri itulie. Maji yenye chumvi kidogo yanaichelewesha mita, ipe hata dakika 5. Usitumie karatasi za rangi, kwenye maji ya namna hii zinadanganya.

Kisima_Mkb:
Nimepima chupa tatu za jana: 5.9, 6.0, 5.8. Na sampuli ya ripoti, kijana anasema aliichota kwenye tangi la juu, kabla ya RO. Lakini TDS ya 12 niliisoma mwenyewe kwenye bomba la kujazia, nikaichanganya humo.

Fundi_Membreni:
Basi tatizo siyo la lebo peke yake. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa yaliyosafishwa, EAS 12, kinataka pH 6.5 hadi 8.5. Weka kichungio cha chembe za mawe ya chokaa baada ya RO, kabla ya UV. pH itapanda, na TDS nayo itapanda kwa sababu kalsiamu inayeyuka humo. Kwa hiyo ile 12 yako haitakuwepo tena. Usichape namba yoyote hadi kichungio kitulie.

Halafu usiandike namba moja, andika kikomo. Membreni ikizeeka TDS inapanda taratibu, mwezi huu 35, miezi sita baadaye 48. Ukiandika "TDS chini ya 60 mg/L", ahadi inabaki kweli, na wewe ndani ya kiwanda unajiwekea 50 kuwa siku ya kuita fundi. Mteja mwenye kile kimita kidogo cha TDS anaweza kukukagua palepale stendi. Ila kimita hicho hakioni bakteria, usimfanye mteja aamini kwamba namba ndogo ni ushahidi wa usalama.

Mwakaleli_Bomba:
Samahani wakuu, nina swali langu. Mimi Rungwe nina chemchemi inayoshuka kwa mserereko, sina RO. Naruhusiwa kuandika "maji ya madini" au lazima niweke RO kwanza?

Bi_Maabara:
Kaka, umeigeuza. RO ndiyo inayokuondolea haki ya kuandika hivyo. Maji asilia ya madini yana kiwango chake, EAS 13. Kiini chake ni kwamba muundo wa madini unabaki kama ulivyotoka ardhini, na kinachoruhusiwa kufanyiwa ni kidogo sana, mfano kutoa chuma kwa kuingiza hewa na kuchuja. Wewe una njia ya kuomba, lakini utapimiwa chanzo misimu ya mvua na ya kiangazi kabla hujaliandika neno hilo. Kisima hana njia, maji yake ni ya kunywa yaliyosafishwa, na yakishaingia chupani yako chini ya EAS 153, kiwango cha maji ya kunywa yaliyofungashwa. Na Kipengere aiache, kwa kuwa kisima kiko Makambako.

Kisima_Mkb:
Nimeandika upya:

"Maji ya kunywa yaliyosafishwa kwa RO, UV na ozoni. Chanzo: kisima kirefu, Makambako, Njombe. E. coli haikuonekana katika ml 250. TDS chini ya __ mg/L. pH 6.5 hadi 8.5. Kila bechi hupimwa."

"Kemikali" nimeifuta. Nafasi ya TDS nitaijaza kichungio kikishatulia.

Bi_Maabara:
"Kila bechi hupimwa" ni nzito. Jibu la E. coli linachukua saa 24 au zaidi. Lori likiondoka kwenda Iringa jioni ileile, umeuza maji ambayo bado hujayajua. Ama uzuie bechi ghalani hadi jibu litoke, ama uandike "hupimwa kila wiki" kama ndivyo mnavyofanya. Na namba ya bechi iliyopo kwenye chupa ifanane na ya daftari la maabara.

Ngosha_Mafinga:
Kwa nini asiweke alama ya QR inayofungua majibu ya bechi husika? Hapo mteja anaona mwenyewe.

Fundi_Membreni:
Wazo zuri, lakini lebo zinachapwa kwa maelfu kabla bechi haijazaliwa. QR itafungua ukurasa mmoja tu, mteja ataandika namba ya bechi humo. Na bechi moja ikikosa jibu, ukurasa utaonyesha pengo kwa kila mtu. Kisima, uko tayari kwa hilo?

Kisima_Mkb:
Ghala langu linabeba siku moja na nusu ya uzalishaji. Naanza na kuzuia bechi. Hilo la QR bado nalifikiria.