Msaada: nimesimamisha akaunti ya mteja, barua niiandikeje?

Karani_Lindi: Wakuu shikamooni. Nasimamia madeni kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Lindi mjini. Mteja wa Nachingwea ana ankara tatu zilizopita siku 30: 2,400,000, 1,850,000 na 980,000. Jumla 5,230,000. Bosi kasema asipewe tena mzigo. Nimwandikieje bila kugombana? Sijalala.

Mzee_Mikindani: Kukopa harusi, kulipa matanga. Mngeuza taslimu tangu mwanzo.

Tandahimba_Mjini: Usinikumbushe. Msimu wa 2018 bei ya korosho ilitangazwa 3,300 kwa kilo, nikakopesha mtaa mzima. Malipo ya wakulima yakachelewa, mimi nikala daftari.

Dada_Ankara: Mdogo wangu, kuna ankara anayoibishia?

Karani_Lindi: Siyo kihivyo.

Dada_Ankara: Siyo kihivyo ndiyo nini?

Karani_Lindi: Anadai mifuko 30 ya saruji, ya 17,000 kila mmoja, ilifika imelowa. Kwenye hati ya kupokelea mzigo kaandika pembeni "imelowa". Lakini kwa kalamu nyingine! Dereva anakataa.

Dada_Ankara: Angalia nakala aliyorudi nayo dereva. Kama neno lipo na humo, liliandikwa mzigo ukishuka, kalamu hata iwe kumi. Hiyo 510,000 iweke kando mpaka mkague, umdai 4,720,000. Ukimdai yote ataishika mifuko hiyo asilipe hata senti. Mpigie kwanza, halafu andika:

"Kuanzia leo tumesimamisha kukupa mzigo kwa mkopo kwa sababu ya ankara hizi ambazo hazijalipwa" (namba, tarehe, kiasi). "Ukilipa 4,720,000 benki ukitaja namba za ankara, tutafungua siku ya kazi inayofuata baada ya pesa kuonekana kwenye akaunti yetu. Mifuko 30 tunaikagua. Kununua taslimu hakujazuiwa."

Usifungue kwa picha ya meseji ya muamala.

Fundi_Masasi: Akilipa nusu mfungulie, biashara ni watu.

Dada_Ankara: Nusu sawa, ila awe amesaini tarehe za iliyobaki, na mpunguzie kiwango cha mkopo. Ukimrudishia kilekile, mwezi ujao utakuja kufungua uzi mwingine.

Karani_Lindi: Hapo kwenye taslimu... nimeshawaambia stoo wazuie mabati yake.

Dada_Ankara: Aliyalipia?

Karani_Lindi: Juzi, yote. Si ndiyo dhamana yetu? Nikiyaachia ataniogopa nini?

Dada_Ankara: Kakulipa ya mabati, hujampa mabati. Hapo mdaiwa ni wewe.

Kijana_Ligula: Hii chai, tena ina tangawizi. Mwanzo bosi ndiye kasema, sasa "dhamana yetu", "ataniogopa". Karani gani huyu? Wewe ndiye mwenye duka.

Fundi_Masasi: Au yeye ndiye mteja, anapima upepo 😂

Karani_Lindi: Duka ni la mume wangu. Kuna ubaya?

Mzee_Mikindani: Na mteja je?

Karani_Lindi: ...Shemeji.

Tandahimba_Mjini: Aaah! Basi barua aandike mumeo.

Karani_Lindi: Mume wangu ndiye aliyesema nisimtaje. Nakala ya dereva nimeiona, neno lipo. Barua nimeituma kama alivyosema Dada. Mabati bado yapo stoo.

Dada_Ankara: Mpe mtu mabati yake.