Ushauri: Binti yetu aliye Ujerumani anasema oili nyepesi, fundi anasema nzito

Mstaafu wa Nyegezi
Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na mke wangu tuna Toyota IST ya injini 1NZ-FE, ambayo zaidi ya nusu ya bei yake ilitolewa na binti yetu, muuguzi huko Ujerumani. Wiki hii ametuandikia ujumbe, nami nanukuu sehemu yake:

«Shikamooni baba na mama. Zile kurasa za kitabu cha gari mlizonipigia picha nimesomewa na mwenzangu wa kazini anayejua Kijapani. Oili iwe 5W-30, na ikikosekana dukani chukueni 10W-30, kwa kuwa Mwanza hakuna baridi ya kuzitofautisha hizo mbili. Ikibadilishwa pamoja na filta huingia lita 3.7, kwa hiyo fundi asimimine galoni zima la lita nne. Petroli ni ya kawaida tu. Msiuziwe ya bei ya juu wala vichupa vya dawa ya kuongeza nguvu. Jazeni sheli yenye wateja wengi. Na baba, tafadhali, mafuta ya kwenye madumu usiyatie.»

Fundi wetu anasema injini iliyokwisha kutembea inataka 20W-50. Naomba ushauri, nimsikilize nani?

Kijana wa Igoma
Mzee, shikamoo. Msikilize fundi. Injini ikichakaa nafasi kati ya vyuma huongezeka, na oili nzito huziba nafasi hizo. Kuhusu petroli, mimi hununua yenye oktani kubwa kila nikipata, kwa sababu husafisha injini.

Mama wa Kayenze
Mimi naliona jambo jingine hapa. Mwanangu yuko Omani, alininunulia jokofu, na tangu siku hiyo hupiga simu kuniuliza nimeliwasha namba ngapi. Anayelipa ndiye mwenye amri, baba. Weka anachotaka binti mpate amani nyumbani.

Fundi wa Mabatini
Shikamoo mzee. Kabla ya kujibu naomba mambo mawili. Fundi wako aliona nini hata akataja 20W-50, moshi, kelele au taa ya oili? Pili, unauliza kabla ya kumimina au umekwisha kumimina?

Mstaafu wa Nyegezi
Marahaba. Ni kweli kwamba imekwisha kumiminwa, wiki tatu na kilomita kama mia sita zilizopita. Gari lilikuwa linatoa moshi wa bluu, hasa likipanda mlima wa Isamilo, na fundi akasema ringi za pistoni zimekwisha. Sikuona sababu ya kumtia binti wasiwasi, kwa hiyo nilimjibu kwamba tumefuata maelekezo yake. Fundi huyu namfahamu miaka mingi, na tangu aweke oili hiyo injini imetulia, ila asubuhi inapowaka husikika mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache.

Fundi wa Mabatini
Asante kwa kusema. Kijana wa Igoma hajakosea kabisa: injini inayokula oili kweli hupunguza ulaji ikipewa nzito. Lakini hiyo 1NZ-FE inatumia cheni, na kikaza cheni husukumwa na oili. Mfumo wa VVT-i nao hufanya kazi kwa oili inayopita kwenye chujio dogo na njia nyembamba. Oili nzito asubuhi huchelewa kufika huko, na huenda ndio mlio unaousikia. Injini haitakufa kesho, lakini umeivumilisha dawa ambayo hatujui kama ugonjwa wake upo. Kuhusu oktani, namba kubwa huzuia petroli isijilipue kabla ya wakati, haisafishi. Petroli ya kawaida ya Japani huanzia 89, na gari hili lilitengenezwa kwa hiyo.

Swali langu ni moja: kabla ya kusema ringi zimekwisha, oili ilipimwa ikaonekana imepungua?

Mstaafu wa Nyegezi
Haikupimwa. Fundi aliangalia moshi akatosheka, nami nikaona moshi wa bluu hauna maana nyingine.

Fundi wa Mabatini
Una maana nyingine, mzee. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, lakini haukuambii imetoka wapi. Kama inatoka kwenye injini, kijiti cha kupimia lazima kionyeshe inashuka. Kama kijiti kimesimama palepale na moshi upo, oili inaingia kwa njia ya tangi. Binti hakutaja madumu bure. Petroli unaitoa wapi?

Mstaafu wa Nyegezi
Nyingi natoa sheli. Shemeji yangu ana mitumbwi ya dagaa pale Igombe, na mafuta yanayobaki hunipa dumu la lita kumi, wakati mwingine mawili kwa mwezi. Ni petroli safi, anainunua sheli hiyohiyo ninayonunua mimi. Mstaafu hawezi kukataa mafuta ya bure.

Fundi wa Mabatini
Anainunua safi, kisha anaichanganya na oili, kwa sababu mashine nyingi za mitumbwi hazina sehemu ya oili peke yake. Hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli. Mchanganyiko wa kawaida ni lita moja ya oili kwa lita hamsini za petroli, kwa hiyo kila dumu lako lilibeba kama robo ya lita kasoro kidogo. Yote inaungulia ndani ya injini yako, na masizi yake yanabaki kwenye plagi na kwenye njia ya moshi.

Msema Kweli
Samahanini, hadithi hii haiingii akilini. Muuguzi anajua lita 3.7 na 10W-30? Mzee anaficha dumu mpaka abanwe mara tatu, kama mchezo wa redio? Nangojea ujumbe wa mwisho wenye namba ya simu ya duka la oili.

Mama wa Kayenze
Wewe hujawahi kuwa na mume. Wangu alificha pikipiki.

Mstaafu wa Nyegezi
Ndugu Msema Kweli, nimefundisha hesabu miaka thelathini na sina duka. Namba hizo zimo kwenye kitabu cha gari, na picha nilizipiga mwenyewe. Leo alfajiri, kabla ya kuwasha, nimeliweka gari kwenye sakafu tambarare, nikafuta kijiti, nikakirudisha na kukitoa. Oili iko juu ya alama ya mwisho, kwa kuwa fundi alimimina galoni lote, na iko palepale alipoiacha kwa kilomita mia sita. Nimemuuliza shemeji, anachanganya.

Msema Kweli
Unasema iko palepale. Alipoiacha uliiona kwa macho au unakisia?

Mstaafu wa Nyegezi
Sikuiona. Nakisia kwa galoni lililobaki tupu.

Fundi wa Mabatini
Hapo Msema Kweli ana haki. Tena oili nzito yenyewe ingeweza kuficha ringi mbovu. Anza upya: mwaga hiyo, weka filta mpya na lita 3.7 za 5W-30, pima asubuhi na uandike. Tumia petroli ya sheli peke yake, upime tena kila baada ya kilomita mia mbili. Mwambie fundi afungue plagi zote nne. Zikiwa na masizi ya mafuta zote kwa usawa, nitazidi kulilaumu dumu, na ikiwa ni moja tu, nitarudi kwenye ringi. Moshi usipoisha siku ya kwanza usishangae, njia ya moshi bado ina mabaki.

Kijana wa Igoma
Na mlio wa asubuhi ukibaki hata na 5W-30?

Fundi wa Mabatini
Basi ni cheni au kikaza chake, na hilo siwezi kulisema bila kulisikia.

Mstaafu wa Nyegezi
Nitabadilisha Jumamosi. Nilikusudia kumwandikia binti baada ya kuona matokeo, lakini mama yake amekwisha kumpigia simu, na sasa anataka picha ya kijiti kila Jumapili.