Mjadala: Uwanja wa shehia uwekwe kapeti, upandwe koka, au ubaki udongo?

Kocha_Maweni: Assalaam alaykum wote. Shehia yetu huku Micheweni imeahidiwa pesa za kutengeneza uwanja. Sasa hivi ni udongo mtupu, na upande mmoja mwamba umechomoza. Kamati imegawika: wengine wanataka kapeti la majani bandia, wengine tupande majani ya koka, wazee wanasema tusawazishe udongo uliopo basi. Mimi nataka kujua jambo moja tu: lipi litawafanya vijana wapige pasi, na wasirudi nyumbani wanachechemea?

Shabiki_Ngambo: Kapeti, mjadala umefungwa. Tena nyinyi watu wa Pemba ndio mnalihitaji zaidi, maana mpira wenu ni kubutua tu. Beki akiupata anautazama kama umemjia kudai deni, anaupeleka mawinguni. Wekeni kapeti mjifunze chini-chini.

Mshale_wa_Konde: Yakhe, unatukana bila ya kufikiri. Beki anabutua kwa sababu mpira ukimjia unaruka njiani mara tatu. Wewe utulize kwa ndani ya mguu, ugonge kijiwe, ukupige ugokoni, mshambuliaji auchukue. Utafanya mara moja, ya pili nawe utabutua. Kubutua ni akili, si ujinga.

Na hao chini-chini wako walikuwa wapi Januari 2025? Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa Pemba, uwanja wa Gombani, na likabaki hapa, Burkina Faso wakarudi kwao mikono mitupu.

Shabiki_Ngambo: Ile ni timu ya Zanzibar nzima, usiifanye ya Konde. Halafu umenisaidia hoja: Gombani si uwanja wa mwamba.

Mshale_wa_Konde: Sikusema ya Konde. Soma vizuri.

Mtunza_Uwanja: Tuwache kombe tumjibu mwalimu. Mimi nimeshughulika na viwanja miaka mingi, na kabla ya kamati kupiga kura ningewaomba wafanye jambo dogo. Chukueni mpira mzuri uliojaa upepo, futi ya fundi na mtu mwenye simu. Angusheni mpira kutoka mita 2, usiusukume, halafu mtazame kwenye picha umerudi juu kiasi gani. Kwenye kapeti linalopimwa na FIFA kwa daraja la juu, mpira unatakiwa urudi baina ya sentimita 60 na 85. Kwa daraja la chini wanakubali mpaka mita 1. Kwenye sakafu ya saruji unarudi kama mita 1 na sentimita 35.

Nilifanya hivyo mwezi wa kaskazi, kiangazi kimekolea, kwenye viwanja vitatu siku moja. Koka iliyokatwa ilinipa sentimita 70, nikafurahi. Udongo mkavu ulinipa mita 1 na sentimita 15, yaani unakaribia saruji. Kapeti nililodhani ndilo bora lilinipa sentimita 78 katikati ya uwanja, lakini mbele ya goli lilinipa mita 1 na sentimita 5. Kapeti ni lile lile na siku ni ile ile. Mbele ya goli zile punje nyeusi za raba zinazomwagwa baina ya majani ya kapeti zilikuwa zimehama zote.

Shabiki_Ngambo: Sasa mzee, hicho kinahusiana nini na kubutua?

Mtunza_Uwanja: Ndio chenyewe. Mpira unaoruka mita nzima haupokelewi kwa wayo, unapokelewa kwa paja au kifua. Kila mchezaji anatumia mguso mmoja wa kuutuliza na mwingine wa kuuweka sawa, na mpaka hapo mpinzani keshafika. Kwa hiyo vijana wa udongo wanajifunza kuucheza hewani, na wanakuwa hodari kwelikweli kuusoma mdundo. Mshale hajakosea. Ila na yeye asiifanye akili ya maumbile: mtoto huyo huyo ukimpa koka wiki sita, utamwona anaanza kuinua kichwa kabla ya mpira kufika.

Beki_Mstaafu: Mimi nasema kapeti linaua magoti. Hamuoni Uholanzi wamelipiga marufuku kwenye ligi kuu yao? Na Uskochi wanafuata. Wazungu walioligundua wenyewe wanalikimbia, sisi ndio tunalikimbilia. Goti langu la kulia liliishia kwenye kapeti la Unguja, mechi ya pili tu, hakuna aliyenigusa. Nilizunguka, mguu ukabaki.

Mama_Kipa: Poleni na goti. Mimi swali langu ni jengine. Mwanangu wa kike ni kipa, anafanya mazoezi kwenye kapeti saa tisa mchana. Anarudi na paja limechubuka kama aliyeungua na pasi, na viatu vimejaa punje nyeusi, nyumba nzima zimetapakaa. Hizo punje zina sumu? Na kwa nini kapeti linachoma hivyo?

Beki_Mstaafu: Bi mkubwa, tunazungumza magoti.

Mama_Kipa: Na mimi nazungumza mtoto wangu. Au paja si kiungo?

Mtunza_Uwanja: Bi mkubwa ana haki yake. Kwa jua la huku saa tisa kapeti linafika nyuzi 60 na zaidi, wakati koka iliyo jirani yake ni ya kukaa mtu. Kipa anayeteleza hapo anaungua kwa joto na kwa msuguano pamoja. Avae suruali ndefu ya kubana, wahamishe mazoezi yaanze saa kumi na moja kasoro, na kama kuna mpira wa maji, uwanja umwagiwe kabla. Maji yanasaidia kwa muda tu, yakikauka joto linarudi. Punje nyingi ni matairi ya zamani yaliyosagwa. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya kuzuia kuuza punje za namna hiyo kuanzia 2031, na sababu kubwa ni kwamba zinahama zikaingia kwenye maji na udongo. Sisi tuliozungukwa na bahari tungelifikiria hilo, lakini sheria hiyo haisemi kapeti linaua magoti.

Bwana Beki, ulivaa daluga gani siku ile?

Beki_Mstaafu: Zile zile za majani. Meno marefu, ya bapa. Ndizo nilizokuwa nazo.

Mtunza_Uwanja: Basi goti lako nusu limeuliwa na kapeti na nusu na viatu. Jino refu linazama ndani ya punje na kung'ang'ania. Kwenye koka, ukizunguka kwa nguvu, kipande cha jani kinang'oka na mguu unaachiwa. Kwenye udongo mkavu unateleza, unaanguka, unachubuka, lakini goti linasalimika. Kapeti halikatiki na haliteleziki, kwa hiyo kiwiliwili kinazunguka na wayo umebaki. Daluga za kapeti zina meno mafupi ya duara, mengi, ili mguu ugeuke. Ulaya walipofuatilia vilabu vya wanaume kwenye makapeti ya kisasa, hesabu ya majeraha kwa jumla haikutofautiana sana na majani. Kilichotofautiana ni aina: vifundo vya miguu viliteguka zaidi, misuli ilichanika mara chache zaidi. Na Uholanzi wamelikimbia zaidi kwa sababu wachezaji wao walilalamikia mchezo wenyewe, si kwa sababu ya magoti pekee.

Beki_Mstaafu: Kwa hiyo kosa langu.

Mtunza_Uwanja: Sikusema hivyo. Aliyekupeleka kwenye kapeti bila ya kukuambia ndiye mwenye kosa.

Mshale_wa_Konde: Hapo sasa. Tuliopelekwa Unguja tukaambiwa "chezeni", tukafungwa, halafu tukaitwa wabutuaji.

Shabiki_Ngambo: Unarudi kule kule. Sawa, nimekubali, si kubutua. Ni "kucheza hewani". Umeridhika?

Mshale_wa_Konde: Sijaridhika lakini endelea.

Winga_Kibonde: Mnasahau jambo moja. Kwenye kapeti pasi haisimami! Sisi wa udongo tumezoea kuitia nguvu ili ivuke mashimo. Mechi yetu ya kwanza kwenye kapeti, dakika 20 za mwanzo kila pasi ya kupenyeza ilitoka nje. Nilikuwa nakimbia hadi pumzi zinakata, mpira unanipita kwenda kwa muokota mipira. Kocha alipiga kelele "punguza", hakuna aliyeelewa apunguze nini. Kipindi cha pili tukaanza kumpasia mtu mguuni badala ya mbele yake, tukapumua.

Shabiki_Ngambo: Halafu ukiingia kwenye koka ndefu unampasia mguuni, mpira unakufa njiani. Ng'ombe wa mtu ndiye mkata majani wenu.

Winga_Kibonde: Huyo ng'ombe anatuwekea na mabomu. Usicheke, nimeyapiga tikitaka.

Kocha_Maweni: Mtunza_Uwanja, nimefanya kama ulivyosema, leo baada ya alasiri. Upande wa mwamba mpira umerudi mita 1 na sentimita 25. Upande wa pili, ulio na udongo mwekundu, sentimita 95. Sasa nifanye nini? Mjumbe mmoja wa kamati anasema kapeti likilazwa juu ya mwamba litakuwa sawa tu.

Mtunza_Uwanja: Halitakuwa sawa. Kapeti linalala juu ya msingi, na msingi ndio uwanja. Mwamba usiposawazishwa, vibonde vyake vitajionyesha juu ndani ya misimu miwili. Lazima kuwe na kokoto, maji yapate pa kutokea, ndipo kapeti. Halafu lisuguliwe kwa brashi kila wiki ili punje zirudi zilikohama, hasa mbele ya goli na kwenye alama ya penalti. Ukitaka kujua kama limechoka, penyeza vidole: majani yanatakiwa yatokeze juu ya punje sentimita moja na nusu hadi mbili. Yakiwa marefu zaidi, yamelala na kung'aa kama mkeka, punje zimekwisha. Litadumu miaka kama 8 mpaka 10, baada ya hapo linunuliwe jingine. Nani atalipa hilo la pili, kamati imejadili?

Kocha_Maweni: Hilo la pili hakuna aliyelitaja.

Mtunza_Uwanja: Mimi kwako ningesema koka, kama mtapata udongo wa kufunika mwamba angalau kimo cha kiganja, maji wakati wa kiangazi na mtu wa kukata. Bila ya maji, koka mtaipanda kwa masika na mtaizika kwa kaskazi. Ikishindikana, udongo uliosawazishwa, ukachunwa mawe na kumwagiwa maji kabla ya mechi, utateremsha mdundo. Jaribuni kwa ndoo chache kwenye kipande kimoja mpime tena.

Beki_Mstaafu: Na kisima kiko wapi huko Micheweni? Maji ya kunywa yenyewe ni foleni, unataka kuyamwaga uwanjani?

Mshale_wa_Konde: Basi bora kapeti. Kapeti halinywi.

Mama_Kipa: Jamani si mmesema limwagiwe kabla ya mazoezi?

Shabiki_Ngambo: 😂😂 Bi mkubwa kawamaliza.

Beki_Mstaafu: Mwalimu, kwanza uchongeni huo mwamba. Nyundo nnayo, Jumamosi nakuja.

Kocha_Maweni: Njoo na futi pia. Yangu watoto washaikata.