Tupeane uzoefu: mtahini amweleze lini mtahiniwa kwamba majeruhi hapumui?

Mtahini wa Kisumu: Wenzangu, juzi nilikuwa nikitahini waendeshaji bodaboda katika huduma ya kwanza. Majeruhi wetu, kijana aliyeagizwa asiitike hata akiitwa, alilala chali kando ya pikipiki. Mtahiniwa mmoja alihakikisha barabara ni salama, akamwita na kumgusa mabega, akamtuma mtu apige 999, kisha akainua kidevu. Alipoinama kutazama kupumua, nikatamka mara moja, "Hapumui." Akahamia kwenye sanamu ya mazoezi, akabonyeza kifua mara 30 na kupuliza pumzi 2 bila kosa. Nilimpa alama ya kukagua kupumua, nayo inanisumbua hadi leo, maana huenda ni mimi niliyemkagulia. Ninyi hufanyaje?

Mkufunzi wa Nakuru: Kwa kuwa majeruhi wa kuigiza anapumua kweli, ni lazima tuitaje hali yake, lakini tusitaje uamuzi. Mimi hungoja shavu la mtahiniwa likaribie mdomo na macho yaelekee kifuani, ndipo nikasema, kwa mfano, "Anahema kwa kukoroma, mara moja, kisha kimya kirefu." Wengi husikia neno "anahema" wakamlaza ubavu, ilhali huko si kupumua kwa kawaida, bali ni dalili kwamba moyo umesimama. Hapo hatua ya lazima imeanguka, hata kama jumla ya alama ni nzuri. Akiinuka baada ya sekunde 2, nakaa kimya. Akizidisha sekunde 10, namkata alama pia, kwa sababu anachelewesha kubonyeza kifua.

Muuguzi, Kakamega: Naunga mkono, ila mnasahau mapigo ya shingoni. Asiyeyapapasa ningemfelisha.

Mkufunzi wa Nakuru: Dada, kwako wodini ni sawa. Kozi ya raia haimdai hilo, kwa kuwa asiye na mazoea hukosea mapigo kwa urahisi, akahisi ya vidole vyake mwenyewe. Kama hayamo kwenye fomu, tusiyakatie alama.

Mwanafunzi, Bungoma: Mimi nilipewa sifuri kwa kusema "navaa glavu" bila kuvaa, na glavu zilikuwa kwenye sanduku karibu nami. Nilidhani kutamka kunatosha. Je, nilionewa?

Mtahini wa Kisumu: Ndugu, kama zilikuwepo, ulipaswa kuzivaa. Kutamka kunatosha pale tu kitendo kisipowezekana, kama ile simu ya 999, ambayo hatuwezi kuipiga kweli.

Nimeuelewa ushauri wa kutaja dalili. Linalobaki ni hili: mtahiniwa akimlaza ubavu, kisha akagundua mwenyewe na kumrudisha chali kabla sijasema neno, nimpe alama?

Mkufunzi wa Nakuru: Mimi humpa, mradi amejirekebisha bila kudokezwa na ameanza kubonyeza papo hapo.

Muuguzi, Kakamega: Mimi nisingempa yote. Muda alioupoteza majeruhi ameupoteza.