MREJESHO: Slaidi zangu za kubebesha parachichi

Niliuliza: "Nina miche Tukuyu, nataka kufundisha kubebesha parachichi kwa slaidi Insta, watu wanaangalia ya kwanza wanaondoka, nipange vipi?"

Wakuu asanteni, nimerudi. Kava ya zamani ilikuwa na logo na "Somo la Kubebesha", nikatoa vyote nikaweka picha ya mche uliochipua na maneno "Bebesha Hass mwenyewe, hatua 5". Slaidi ya pili nilikuwa najitambulisha, mkaniambia Insta mara nyingine inamrudishia mtu posti ikianzia hiyo ya pili, kwa hiyo sasa ina vifaa tu: kisu kikali, nailoni, na kikonyo, yaani kijiti cha Hass cha kupachika kwenye mche, unene wa penseli.

Kazi ilikuwa katikati. Nilikuwa nimebana kuchonga kikonyo, kupasua shina na kuchomeka kwenye slaidi moja, watu wakawa wanauliza vilevile kwenye komenti. Nimezitenganisha, kitendo kimoja picha moja, mkono uleule upande uleule, na ile ya kuchomeka nimeipiga karibu kabisa maana lazima ukijani chini ya gome la kikonyo ukutane na wa shina, hata upande mmoja tu, bila hivyo kinakauka, na hilo kwa maneno halieleweki.

Kabla ya mwisho nimeongeza kikonyo kilichokufa, cheusi, pembeni ya kizima. Ya mwisho ombi moja tu, "Seivu uende nayo shambani", yale ya folo na sheya nimefuta.

Maswali ya kuchomeka yamekata, sasa wanauliza bei ya vikonyo.