Uzi: Yule bwana wa spika kubwa kanidhalilisha mbele ya wazee wa kahawa

KahawaChungu (Moshi):
Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule.

Tovuti yetu inarusha masomo ya sauti kwa wakulima wa Uru na Kibosho: chulebuni, kutu ya majani, vipimo vya dawa. Ni mtu anaongea tu, hakuna muziki. Msikilizaji yuko migombani, simu inaandika E, mtandao ukijitahidi sana unaleta kilobiti 100 kwa sekunde. Nikaweka Opus, mono, kilobiti 24. Somo la dakika 45 linakuwa MB 8 na kidogo. Yeye anataka kilobiti 320, stirio! Somo lile lile ni MB 108. Kila sekunde moja ya maneno, mkulima asubiri zaidi ya tatu. Hadi somo liishe, kahawa imeshachumwa, imekobolewa na imenyweka Ulaya.

Leo kaleta spika za kutosha kubomoa ukumbi, kapiga faili la kilobiti 24, akawageukia wazee: "Hii sauti ya chura ndani ya debe nani ataisikiliza?" Wazee WAKACHEKA. Chura. Ndani ya debe. Na intaneti ya ofisini ni ya waya, huko 320 itakatika vipi?

Mangi_wa_Majengo:
Pole mangi. Ila chura nimecheka hadi nimepaliwa.

MtuWaStudio:
Kodeki ni majina tu, kinachokula bando ni kilobiti. Weka MP3 kilobiti 24, inafunguka kila simu, mambo yameisha.

DadaMitambo (Arusha):
Kaka wa Studio, kwenye bando uko sahihi, kwenye masikio hapana. MP3 ikibanwa hadi 24 inatupa sauti za juu, na huko ndiko "s" na "sh" zinakokaa. Mkulima anaambiwa vijiko sita, anasikia "fita". Opus kwa 24 inazibakiza, kwa sababu ndani yake kuna njia iliyotengenezwa kwa ajili ya maongezi.

KahawaChungu, ulitengeneza kutoka wapi? Na hilo faili alilopiga yeye unalo?

KahawaChungu:
Kutoka WAV ya kinasa sauti, dada. Hivi:

```
ffmpeg -i somo.wav -ac 1 -c:a libopus -b:a 24k -application voip somo.opus
```

La kwake lipo kwenye folda ya ofisi. CHURA, dada. Mbele ya mzee aliyenibatiza.

DadaMitambo:
Amri yako haina kasoro. Lipime la kwake:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name -of default=nw=1 FAILI
```

KahawaChungu:
codec_name=mp3

MP3!!! Sio faili langu kabisa! Kaniita chura kwa faili alilolipika mwenyewe!

DadaMitambo:
Nilihisi. Pengine la kwako lilimgomea, akaligeuza MP3 kwa kilobiti zile zile. Hapo limebanwa mara mbili, lazima lilie. Anatumia aifoni ya zamani?

KahawaChungu:
Anayo, na anaiweka mezani kila kikao ionekane.

DadaMitambo:
Basi na wewe una pengo. Safari za zamani, kile kivinjari cha aifoni, hazifungui Opus ikiwa ndani ya Ogg kama hilo lako. Ongeza faili la pili la AAC, mono, kilobiti 48, lipo MB 16 hivi, na lifungashe kwa `-movflags +faststart`, la sivyo faharasa inakaa mwisho wa faili na simu inahangaika kabla ya kutoa neno. Opus itangulie:

```
<audio controls preload="none">
  <source src="somo.opus" type="audio/ogg; codecs=opus">
  <source src="somo.m4a" type="audio/mp4">
</audio>
```

Hiyo `none` inazuia ukurasa kuvuta sauti kabla mtu hajabonyeza. Halafu kiitishwe kikao kingine, msikilize kwenye simu ya mkulima mwenyewe, huko huko Uru.

MtuWaStudio:
Sawa dada, ila kama somo lina kionjo cha muziki mwanzoni?

DadaMitambo:
Kwa 24 muziki utaumia, na `voip` inaupendelea usemi. Mimi ningekitoa. Wengine wanapanda 32, siwabishii.

MamaNgarenaro:
Hizo MB 8 mnazozisema, mbona mimi naweka bando asubuhi na saa nne limeisha hata wimbo sijasikiliza? Nani kalila?

Mangi_wa_Majengo:
Mama, zima video za kujicheza zenyewe.

MamaNgarenaro:
Nimezima. Na huduma kwa wateja wananiambia nizime simu niwashe.

MtuWaStudio:
Hao hao! Mimi walinikata salio kwa miito ya simu ambayo sijawahi kujiunga.

KahawaChungu:
Jamani, tulikuwa kwenye chura.

MamaNgarenaro:
Mwanangu, chura atasubiri. Hiyo miito ya simu inaondolewaje?